Kumi Zinatimia, Ila Huyu Siye Yule

Mama mjamzito alitoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne kutoka ndani ya kadi ya kliniki, akakinyoosha kwa kiganja juu ya meza yangu. Ilikuwa karatasi ya daftari la hesabu, lile lenye vijumba. Kila siku ilikuwa na mstari wake: saa aliyoanza, vijiti kumi, saa aliyomaliza.

"Kumi zinatimia, sista," akasema. "Kila siku zinatimia. Ila huyu siye yule."

Sikuangalia vijiti. Niliangalia saa. Mistari ya juu ilikuwa ya dakika kumi na tano, ishirini, kumi na nane. Katikati ya ukurasa zikawa dakika 35, kisha 50. Juzi dakika 90. Jana 110.

Ilikuwa mimba yake ya pili, wiki ya 36. Aliyemfundisha kuhesabu mateke ya mtoto alimwambia hivi: lala ubavu, hesabu, ukipata kumi ndani ya saa mbili usiwe na wasiwasi. Kwa kanuni hiyo hata jana alikuwa amefaulu, tena kwa kubakiza dakika kumi.

Asubuhi ya siku hiyo alikuwa ameshapita mahali pengine kabla ya kufika kwetu. Wakamsikiliza mtoto, wakamwambia moyo unapiga 140, mtoto mzima, nenda kapumzike na unywe soda baridi. Akanywa soda. Akapanda bajaji akaja kwangu.

(Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane. Namba za kitabibu nimeziacha zilivyo.)

Wiki kadhaa sasa jambo hili haliniachi, kwa sababu hakuna aliyemdanganya mama yule. Kanuni ya kumi ilijibu ilichoulizwa, na masikio ya yule mkunga yalisikia sawasawa. Majibu mawili ya kweli yalikuwa yanamrudisha nyumbani na mtoto aliyekuwa anaishiwa nguvu.

## Kumi ilitoka wapi

Mwaka 1976, Pearson na Weaver, kule Cardiff, walikusanya hesabu za kila siku za wanawake 61 waliokuja kuzaa watoto wazima. Waliona kwamba ni asilimia 2.5 tu ya siku ambazo mama alihisi mtoto akicheza chini ya mara kumi ndani ya saa 12. Hapo ndipo ilipozaliwa kadi ya "hesabu mpaka kumi": unaanza asubuhi, na kama mpaka jioni kumi hazijafika, unaenda hospitali.

Saa kumi na mbili ni nyingi mno kumwacha mama anasubiri. Mwaka 1989 Moore na Piacquadio wakaileta ile ya saa mbili, ambayo ndiyo iliyosambaa zaidi. Na ndani ya kazi yao kuna namba ambayo ningependa kila anayefundisha kuhesabu aijue: kwa kawaida mama wa miezi ya mwisho anazipata kumi zake kwa wastani wa dakika 21 hivi.

Rudi kwenye kikaratasi. Mistari ya juu ya mama huyu ilikuwa wastani kabisa. Jana alitumia zaidi ya mara tano ya muda huo, na bado kanuni ilimpitisha.

Saa mbili ziliwekwa kama ukuta wa mwisho. Sisi tumezifanya kuwa kipimo cha afya.

Kuna watoto ambao tangu wiki ya 28 kumi zao huchukua saa nzima, na wako salama. Kuna wengine wanazimaliza kabla mama hajakaa vizuri. Kwa huyu wa pili, saa nzima ni habari mbaya. Ndiyo maana swali lenye maana zaidi ni la mtoto huyu na desturi yake: huwa anachachamaa saa ngapi, usiku mama akilala au baada ya chakula, na je, wiki hii anafanya vilevile? Mateke, kujinyoosha, kujigeuza, kujisukuma, vyote vinahesabika. Kwikwi haihesabiki, maana haitoki kwa mtoto kuamua kujisogeza.

Na ule usemi wa mama wakwe, kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia? Nao nimeusikia kwa wakunga wenye miaka yao kazini. Kinachobadilika ni namna ya kucheza: nafasi inabana, mateke makali yanapungua, kujisukuma na kujiviringisha kunaongezeka. Idadi huongezeka mpaka kama wiki ya 32, kisha hukaa pale pale mpaka uchungu uanze. Mtoto aliyetulia wiki ya 38 anahitaji kuangaliwa sawa na yule wa wiki ya 30.

## Mtoto anabana matumizi

Kondo la nyuma likianza kuzeeka kabla ya wakati, au mishipa yake ikiwa haikuota vizuri tangu mwanzo, mtoto anapata hewa na chakula pungufu. Hafi siku hiyo. Anafanya kama nyumba iliyopunguziwa mshahara: kinachobaki kinapelekwa kwenye mambo yasiyoweza kungoja.

Damu inaelekezwa kwenye ubongo na moyo. Tumbo na ini vinapata kidogo, kwa hiyo tumbo la mtoto linabaki dogo wakati kichwa kinaendelea kukua. Figo zinapata kidogo, mkojo unapungua, na kwa kuwa maji yanayomzunguka mtoto miezi ya mwisho kwa sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe, maji nayo yanapungua. Misuli inatumia nguvu nyingi, kwa hiyo kucheza kunapunguzwa.

Moyo ndio wa mwisho kuguswa.

Siku niliyouelewa mpangilio huo ndiyo siku nilipoacha kuridhika na maneno "moyo unapiga". Tunapoweka fetoskopu, ile pembe ya kusikilizia, tumboni tunauliza kama mtoto yuko hai. Mama aliyekuja kwa sababu mtoto hachezi ameuliza jingine: yuko salama? Jibu la swali la kwanza haligusi la pili. Mapigo 140 anaweza kuwa nayo mtoto aliyelala, mtoto mzima kabisa, au mtoto ambaye kesho kutwa hatakuwepo.

Hii haina maana kwamba kusikiliza hakuna kazi. Ndiyo hatua ya kwanza, na ina mtego wake. Mama mwenye hofu moyo wake unaweza kwenda mbio hata 120, na dopla, kile kifaa cha kusikilizia mapigo, ikiushika mshipa wake mkubwa wa damu, mhudumu atafurahi na kuandika "mapigo 120" ya mtoto ambaye ameshafariki. Kwa hiyo unasikiliza tumboni dakika nzima huku kidole chako kiko kwenye mshipa wa mkono wa mama. Namba mbili zikilingana, una moyo mmoja tu unaousikia. Hapo unatafuta ultrasaundi, wala huandiki kitu mpaka ipatikane.

Hizi dopla ndogo za kununua mtandaoni zinaniogopesha kwa sababu hiyo hiyo. Mama anausikia moyo, labda hata wake mwenyewe, na anangoja siku moja zaidi.

## Mezani kwangu

Nilianza na maswali kabla ya kumgusa. Tangu lini? Siku tano hivi. Imepungua au imekata kabisa? Imepungua. Ni mara ya kwanza kwenye mimba hii? Ndiyo. Maji yamevuja, damu imetoka, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu? Hapana. Dawa yoyote ya usingizi au ya maumivu makali? Hapana. Mtoto wa kwanza alizaliwa na kilo ngapi? "Mbili na nusu, sista, ila walisema mimi mwenyewe mdogo."

Swali hilo la mwisho watu hulisahau. Aliyewahi kuzaa mtoto mdogo, au kupoteza mtoto tumboni, au mwenye presha au kisukari, akisema mtoto hachezi, unaanza ukiwa na shaka zaidi.

Presha yake ilikuwa 128 kwa 84. Kwa macho ya haraka ni ya kawaida. Lakini kwenye kadi, hudhurio la kwanza lilikuwa 104 kwa 66. Protini kwenye mkojo hakuna.

Nikachukua futi ya kupimia kimo cha mimba. Kadi ilionyesha sentimita 31 wiki ya 32, na 32 wiki ya 34. Nami nikapata 32.

Nikapima tena, nimegeuza futi upande usio na namba ili jicho lisinidanganye. Ikaja 32.

Baada ya wiki ya 24 hivi, sentimita huwa zinakaribiana na wiki za mimba, tofauti ya mbili juu au chini haishangazi. Hapa tulikuwa na nne, na kibaya zaidi mstari ulikuwa umelala: wiki mbili bila kuongezeka hata kidogo. Kadi ilikuwa na maneno yale yale ya kikaratasi, kwa lugha yake.

Moyo wa mtoto ulikuwa 148, wa mama 92. Yuko hai. Nikaandika barua ya rufaa.

Kituo chetu hakina mashine ya CTG, ile inayochora mapigo ya mtoto, na wengi mnaosoma hapa mnafanya kazi au mnahudhuria vituo vya namna hiyo. Ninachotaka kusema ni kwamba kila nilichotumia kufikia uamuzi kilikuwa maswali, mashine ya presha, kijiti cha mkojo, futi, fetoskopu na kadi yake mwenyewe. Kadi ndiyo iliyofanya kazi kubwa, kwa sababu ndiyo pekee iliyokumbuka alivyokuwa mwezi uliopita.

## Usingizi, au kuna kitu

Rufaa walimfunga mikanda miwili tumboni, mmoja wa kusoma mapigo ya mtoto na mmoja wa kusoma kukaza kwa mfuko wa uzazi. Hii ndiyo CTG, na kwa mama wa zaidi ya wiki 28 ndiyo hatua inayofuata moyo kusikika. Inakwenda kwa dakika 20 angalau.

Mtu asiyezoea huangalia namba ya mapigo tu. Mapigo ya mtoto yanatarajiwa kuwa kati ya 110 na 160, na yule alikuwa 150. Sawa. Lakini mstari wa mtoto mzima huwa hautulii, unatetemeka juu na chini kwa mapigo 5 hadi 25, na mtoto akicheza moyo unapanda: mapigo kama 15 zaidi, kwa sekunde 15 au zaidi, kisha unashuka. Ukipata vilima viwili vya namna hiyo ndani ya dakika 20, ubongo wake unapata hewa na unauongoza moyo kama kawaida. Unaweza kupumua.

Mstari wa mama yule ulikuwa kama umechorwa kwa rula. Vilima hakuna.

Hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu mtoto aliyelala hutoa mstari unaofanana na huo. Watoto hulala tumboni kwa dakika 20 hadi 40 kwa mkupuo, na mara chache sana wanazidi 90. Ukikata mashine dakika ya 20 na kumkimbiza chumba cha upasuaji, utawapasua wanawake wengi kwa sababu ya watoto waliokuwa wamesinzia. Ukiikata na kusema "amelala tu", utampoteza mmoja kati yao.

Wakamlaza ubavu wa kushoto, wakaendelea. Dakika 40, bado rula. Dakika 60, bado, na mapigo yakashuka mara moja bila kukaza yoyote kuonekana, yakarudi polepole.

Nimepewa simulizi hii na mwenzangu aliyekuwa zamu. Anasema hawakungoja tena kuona kama ataamka.

Ultrasaundi ikafanyika pale pale. Kichwa kililingana na wiki zake. Mzingo wa tumbo ulikuwa wa mtoto wa wiki 31. Dimbwi refu kuliko yote la maji lilikuwa sentimita 1.5, wakati chini ya 2 inahesabika kuwa maji yamepungua. Kichwa kikubwa, tumbo dogo, maji kidogo, misuli imetulia: mpangilio ule ule niliouelezea juu, hatua kwa hatua.

Alipasuliwa jioni hiyo. Mtoto wa kike, kilo 1.9, alilia baada ya kusaidiwa kidogo. Kondo lilikuwa dogo, lina mabaka magumu meupe. Mama alimbeba kifuani kwa kangaruu mpaka walipomruhusu.

## Mashaka yangu

Mtu akisoma mpaka hapa atasema: basi kila mjamzito apewe kikaratasi. Mimi sisemi hivyo, na nimeligeuza jambo hili kichwani mara nyingi.

Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Grant na wenzake wa wanawake zaidi ya 68,000. Kundi moja lilihesabu kila siku, jingine halikuhesabu kwa utaratibu. Vifo vya watoto tumboni havikutofautiana. Mwaka 2018 ukaja utafiti wa AFFIRM, hospitali 33 za Uingereza na Ireland, mimba zaidi ya 400,000. Huko hawakuhimiza kuhesabu, waliwaelimisha mama kutambua mabadiliko na wakaweka utaratibu mmoja wa kuwahudumia wanaokuja. Vifo vilikuwa 4.40 kwa kila 1,000 kabla, na 4.06 baada, tofauti ambayo inaweza kuwa bahati tu. Kuanzishiwa uchungu na upasuaji viliongezeka. Shirika la Afya Duniani, kwenye mapendekezo yake ya 2016, linataka kadi za kuhesabu mateke kila siku zitumike ndani ya utafiti tu.

Niliposoma hayo mara ya kwanza nilikasirika kidogo. Halafu nikafikiria ninaowaona. Mama wa mimba ya kwanza aliyeambiwa ahesabu, mtoto amelala saa nzima, anakuja saa saba usiku kwa bodaboda akilia, CTG inatoka safi, anarudi. Wiki ijayo anaogopa kuja tena kwa sababu walimcheka. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza wa 2011 unasema kwamba kwa wanawake wanaopatwa na hali hii mara moja, mimba 7 kati ya 10 huendelea bila tatizo lolote. Ukiwatisha wote, unalipa kwa upasuaji usiohitajika, na kwetu upasuaji una gharama yake hadi mimba zijazo.

Mwongozo huo huo unasema kwamba zaidi ya nusu ya wanawake waliopoteza mtoto tumboni, asilimia 55, walikuwa wameona mchezo umepungua kabla. Walijua.

Kwa hiyo nimefika hapa, na pengine nitabadilika. Hesabu ya kila siku kwa kila mtu siifundishi. Ninafundisha mama amjue mwanawe kuanzia wiki ya 28, na hesabu nampa kama kitu cha kutumia akiwa na shaka: alale ubavu wa kushoto, aache simu, afuatilie kwa saa mbili. Kumi zisipofika, aje saa hiyo hiyo. Zikifika lakini moyoni anasema siye yule, aje pia. Na akiwa hajamsikia kabisa tangu asubuhi, asilale kuhesabu, aje moja kwa moja. Soda sijawahi kuiona ikimponya mtoto aliyekosa hewa, ingawa nimeiona ikimchelewesha mama.

Udhaifu mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwetu mezani kuliko kwa mama nyumbani. Mama yule alihesabu vizuri kuliko tulivyostahili.

## Anayerudi mara ya pili

Mwenye CTG safi, kimo kinachoendana na wiki, presha nzuri, asiye na historia mbaya, anarudi nyumbani bila ultrasaundi, na hapo mimi sina ugomvi. Mwenye CTG safi lakini kimo kimelala, au mchezo haujarudi, au ana presha au kisukari, anahitaji ultrasaundi ndani ya saa 24: ukubwa wa mtoto na maji. CTG inasema hali ya mtoto saa hiyo tu. Haisemi kama anakua.

Anayenisumbua zaidi ni yule anayerudi wiki ileile na maneno yaleyale. Wengine wanamwona msumbufu, na nimesikia akiitwa hivyo akiwa bado mlangoni. Lakini kurudi kwenyewe ni dalili ya hatari, inaingia kwenye orodha pamoja na presha na kimo, na uchunguzi unaanza upya tangu swali la kwanza, ultrasaundi ikiwemo hata kama ya juzi ilikuwa nzuri. Akiwa amefikisha wiki 39, mazungumzo ya kumzalisha yanaanza siku hiyo. Akiwa na wiki 34 na vipimo safi, hatumtoi mtoto kwa sababu ya hofu, kwa kuwa mapafu bado. Katikati ya hizo mbili ndiko daktari anakolipwa mshahara wake, na ndiko ninakotaka jina lake na saa aliyomwona viandikwe kwenye kadi.

Mimi kwenye kadi naandika maneno ya mama kama alivyoyasema, na idadi ya mara alizokuja. "Mara ya 2. Anasema anacheza usiku tu, zamani alikuwa anacheza na mchana." Atakayempokea zamu ya usiku asianze na fetoskopu.